Udongo Ulikaushwa kwa Hewa

Kuku wangu wanajua ukweli wa kazi ya mjukuu wangu, na hakuna mtu aliyewauliza. Ningetaka kuanza na chuo, maana uchungu wangu uko huko, lakini nikianzia huko hutaelewa. Kwa hivyo naanzia uwanjani kwangu hapa Mitaboni, wakati wa kiangazi, magunia yametandazwa kivulini nyuma ya jikoni na juu yake kuna udongo. Si mahindi, si maharagwe. Udongo.

Mjukuu huyu nimemlea mimi, mama yake akiwa Mombasa kwa kazi za watu. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja mjini Machakos, akisomea udongo na kilimo. Huko, kabla mtu hajavaa lile joho jeusi, lazima afanye utafiti wake mwenyewe na auandike. Na huyu wangu hakutaka joho tu. Kulikuwa na nafasi ya kuendelea na masomo, amelipiwa kila kitu, ikiwa utafiti wake utapata alama nzuri. Hiyo nafasi ilikuwa inalala na sisi na kuamka na sisi. Nilikuwa hata nimeshaitaja kanisani, jambo ambalo sikupaswa kufanya.

Alichagua matuta yetu ya fanya juu, ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, yale marehemu babu yake alichimba akiwa bado na mgongo. Alitaka kujua kama udongo wa pale chini, karibu na tuta, mahali maji husimama, una rutuba zaidi kuliko wa sehemu ya juu ya shamba. Nilimwambia ningempa jibu bila yeye kujichosha, mahindi yenyewe yanaonyesha.

"Susu, chuo hakikubali jibu lako," akasema, maana kwetu nyanya huitwa Susu. "Kinataka lipimwe."

Basi likapimwa. Alichimba, akatia kwenye mifuko, akaandika kila mfuko umetoka wapi, akaleta nyuma ya jikoni kukausha. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Wewe unayesoma, kama hujafuga kuku, hujui kuku anavyopenda udongo mlaini uliotandazwa. Anaona ametengenezewa mahali pa kuoga. Nilikaa pale na fimbo mpaka jirani akaniuliza kama nimeanza kuuza mchanga. Siku moja nikaenda kugeuza muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwenye moto, na jogoo akaingia katikati akachanganya mafungu mawili. Mjukuu wangu hakunigombeza. Alimwaga yote mawili, akachukua jembe, akarudi shambani kuchimba upya.

Alipoandika alinisomea. Kazi ilikuwa kwa Kiingereza, mimi niliachia shule darasa la tatu, kwa hivyo alikuwa anageuza kwa Kiswahili akiendelea. "Sampuli za udongo zilikaushwa kwa hewa kivulini, zikapondwa, zikachekechwa kwa chekeche la milimita mbili."

"Zilikaushwa na nani?"

"Hatusemi na nani, Susu."

"Na mimi niliyekaa na fimbo?"

"Hauko. Hata mimi siko."

"Na kuku?"

Akacheka. "Kuku nilikuwa nimewaandika. Mwalimu akawafuta."

Akanionyesha. Kweli, mwalimu wake msimamizi alikuwa amepiga mstari mwekundu juu ya kuku wangu, kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho. Pembeni aliandika kwamba sayansi haisimulii. Alimfundisha kwamba kitu kikiitwa sampuli kwenye ukurasa wa kwanza, kiitwe sampuli mpaka wa mwisho, usikipambe kwa jina lingine, msomaji asije akadhani ni kitu tofauti. Na njia ya kazi iandikwe kama wengine wote wanavyoiandika, ili mtu wa mbali aweze kuirudia vile vile. Nilipofikiria niliona ana maana. Sikukasirika wakati huo. Hasira nilikuja kuipata baadaye.

Maneno ya namna hiyo nilikuwa nimeyaona mara moja tu, mzee wangu alipofariki na ikabidi shamba liandikwe jina langu. Wakili mmoja mjini alinitengenezea kiapo. Karani wake aliponisomea nikasikia kwamba mimi ni mtu mzima wa kike mwenye akili timamu.

"Mwanangu," nikamwambia wakili, "hilo la akili mimi sikulisema."

"Mama, hilo husemwa na kila mtu."

"Hata kichaa?"

"Hata kichaa, akipata wakili."

Na chini yake ilikuwa ni kwamba, kwamba, kwamba, kila mstari. Mwisho ukasema yote niliyoyataja ni kweli kwa kadiri ninavyojua na kuamini. Nilimuuliza kwa nini asiandike vile nilivyomweleza mimi. Akasema maneno hayo yameshapita mbele ya mahakimu wengi na kila mtu anajua yanabeba nini. Akibadilisha moja, mtu wa upande wa pili atauliza kwa nini amelibadilisha. Nikatia sahihi.

Sasa turudi chuoni. Mjukuu wangu alipeleka kazi yake. Baada ya muda akaja nyumbani siku ambayo si ya kuja, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Chuo kilikuwa kimeingiza kazi yake kwenye mashine inayotambua maandishi yaliyotungwa na mashine nyingine, hizi akili za kompyuta ambazo vijana wanaziuliza kila kitu. Ikasema karibu kazi yote haikuandikwa na mtu. Aliitwa mbele ya kamati, na barua ilimruhusu aje na mzazi au mlezi.

"Uliiuliza?" nikamwambia. Lazima niseme ukweli, nilimuuliza.

"Hapana, Susu."

"Basi imejuaje?"

"Haijui. Inakisia." Akanigeukia. "Nikisema hapo zamani za, wewe utamaliza vipi?"

"Kale."

"Ndio hivyo. Mashine inatazama neno, inajaribu kukisia litakalofuata. Ikikisia sawa mara nyingi, na sentensi zikiwa zinalingana urefu, inasema mwandishi ni mashine, kwa sababu mashine nazo huandika hivyo, kwa kuchagua neno linalotarajiwa. Sasa nikiandika chekeche la milimita, nani hajui inafuata mbili? Wote tumeandika hivyo. Hizo mashine zenyewe zilifundishwa kwa kusoma maandishi kama hayo."

Nikakumbuka akili yangu timamu. Nikatoa kiapo kutoka kwa sanduku, akakipiga picha na simu, akakiingiza kwenye mashine ya namna ile iliyo bure. Ikasema kimeandikwa na mashine. Kiapo cha miaka ambayo simu yetu ilikuwa ya kubonyeza na yenye tochi. Tulicheka sana usiku huo. Tulidhani tumepona.

Siku ya kamati nilivaa kitenge cha harusi za watu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpole, na upole wake ndio ulinichosha. Mwalimu msimamizi alikaa pembeni, anatazama kalamu. Nilitoa kiapo changu, nikaeleza. Mwenyekiti alikipokea kwa mikono miwili kwa heshima.

"Shosho, tunakuelewa. Lakini hii ni sheria. Maandishi ya sheria yana mtindo wake."

"Na ya udongo hayana?"

"Hapa tunaangalia kazi ya mwanafunzi tu."

Mjukuu wangu akasema, "Walimu, nipeni karatasi. Niandike sehemu ya njia ya kazi hapa, mkiniangalia."

Wakampa. Aliandika kwa mkono, bila simu, bila kitabu, sisi sote tukisikia kalamu. Nilimwangalia na nikajua tumeshinda. Mwenyekiti mwenyewe akaichapa kwenye kompyuta yake, neno kwa neno, akaipa mashine. Akasoma jibu. Kisha akageuza kompyuta tuone.

Mashine ilisema ni ya mashine.

Mimi nilitoa pumzi kwa furaha, kwa maana sasa imejionyesha uongo wake mbele ya kila mtu. Mkono wake tuliuona. Lakini mwenyekiti alisema pole pole, "Inaonekana alikariri yale yaliyoandikwa na mashine."

Angeandika tofauti, wangesema kazi ya kwanza haikuwa yake. Ameandika sawa, amekariri. Nikamgeukia mwalimu msimamizi.

"Mwalimu, si wewe ulifuta kuku?"

Alijua kuku gani, niliona kwa macho. Akasema, "Mimi nilimwelekeza mtindo wa taaluma. Siwezi kuthibitisha anachofanya nyumbani." Kisha akarudi kwa kalamu yake. Mtu huyo alikuwa amekula muthokoi kwangu alipokuja kukagua shamba, akasifu. Sijamchukia, ila sijawahi kumsamehe pia.

Hawakumfukuza. Waliamua aandike upya kwa sauti yake mwenyewe mpaka mashine ikubali, la sivyo angesubiri mahafali ya mwaka mwingine, na ile nafasi isingemsubiri. Sauti yake mwenyewe, walisema, hao hao walioikata na wino mwekundu.

Basi akakaa jikoni kuiharibu. Alikuwa anaweka sentensi ndefu pale, fupi hapa. Sampuli zikawa udongo, mara mafungu, mara ule mchanga wetu. Alirudisha kuku. Aliniweka hata mimi na fimbo yangu. Kila ukurasa anaupa ile mashine ya bure, na kila ulivyozidi kuwa wa ovyo ndivyo mashine ilivyozidi kumwamini. Mimi nilikuwa nikifurahi kusikia kuku wakitajwa, mjinga mimi.

Mashine ya chuo ikakubali. Joho akavaa, picha iko ukutani. Lakini kazi ilienda kwa msahihishaji mwingine wa kutoka nje, mtu asiyejua habari ya kamati, naye aliandika yale ambayo mtu wa udongo angeandika: kwamba matokeo ni mazuri, ila majina ya vitu yanabadilika badilika, haijulikani ni sampuli gani ilipimwa, na habari za kuku na bibi si za sayansi. Alama zikawa za chini. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Siwezi hata kumlaumu huyo, maana alisema ukweli.

Sasa mjukuu wangu anauza mbegu na dawa za mimea kwenye duka la mtu hapa sokoni. Jioni bado anaandika barua za kuomba kazi, na amesikia waajiri nao wana mashine hiyo. Kila barua kwanza anaiandika vizuri, namwona uso umetulia, kama zamani. Kisha anaisoma, anakunja uso, anaanza kuivuruga. Akikwama ananiita nitoke kwa moto.

"Susu, hapa mtu ambaye hajui angesema vipi?"

Nami nafuta mikono, nakaa karibu naye, namwambia.