Mpishi Aliyesoma Vizuri Mno

Mpishi wa shule alikuwa ameshafeli mara mbili mtihani wa nadharia ya udereva, na kazi ya kuendesha basi la shule ilikuwa ikimsubiri.

"Mama, unasoma vizuri mno," binti yake alimtania. "Ukiona kauli ya kweli, unafurahi, unaichagua. Umeshasahau wameulizia ya uongo! Kando ya kila moja andika kwanza: kweli au uongo."

Safari hii, katika chumba cha mtihani, swali moja lilisema: kauli ipi si sahihi? Ya kwanza ilisema taa nyekundu ni kusimama. Mkono ukamwasha kuichagua. Akaandika "kweli", akasonga. Ya tatu ilimpa dereva haki ya kuwatangulia watu wanaovuka barabara kivukoni.

"Uongo!" akapayuka. Chumba kizima kikacheka.

Alipofaulu, binti alimkuta ndani ya basi, akipiga honi bila sababu yoyote.