Machozi kwenye Mabirika ya Kahawa

Haya, sogeeni, na wewe mwenye kikohozi kohoa kabisa umalize, maana nikianza sisimami.

Zama za Mwingereza, huku kwetu mlimani Meru, chama chetu cha kahawa kilikuwa na kamati, na mimi nilikuwamo. Nilichaguliwa kwa ajili ya mdomo, maana mimi na herufi hatujasalimiana mpaka leo. Kila msimu ukiisha tunamwita fundi wetu wa mabirika, yale matangi ya saruji ya kulazia kahawa, si ya chai, tunamwambia kazi yake imekwendaje. Mwaka huo kazi ilikwenda vibaya. Kahawa ilifika mnadani Moshi inanuka, na waonjaji, nasikia, waliitema hadi ng'ambo ya barabara.

Kahawa ikishamenywa hulazwa birikani mpaka utelezi uachie. Fundi huisugua kiganjani. Ikikwaruza kama changarawe, inaoshwa. Ikichelewa, inavunda. Kwa hiyo siku ile tulikuwa na jambo moja la kuamua: abaki na mabirika, au apewe mtu mwingine.

Tulikaa kamati nzima upande mmoja wa meza, yeye peke yake upande wa pili. Na kwenye kamati alikuwamo baba mkwe wake, mzee mwenye koti zito, amekaa kimya kama jiwe la mtoni.

Mwenyekiti akaanza taratibu. "Ndugu yangu, mwaka jana kahawa yako ilisifiwa. Mwaka huu imevunda mara kwa mara. Tueleze."

Fundi akapiga meza. Nawaambia, mlima wenyewe uligeuka kuangalia.

"Mimi ndiye mwizi wenu? Mimi ndiye mchawi? Nifukuzeni basi, mfurahi."

"Hakuna aliyesema mwizi," nikasema.

"Wewe nyamaza, kazi yako kuchekesha watu."

Nikanyamaza, na hilo halijawahi kutokea tena. Halafu yule bwana, kifua kama mlango wa kanisa, akaanza kulia. Mtu mzima, mbele ya mkwe wake. Mzee akaangalia dirishani. Sisi wengine tukaangalia viatu vyetu, na asiye na viatu akaangalia vya mwenzake.

Mjumbe mmoja mwenye huruma akasema, "Jamani, yaishe. Tuseme kazi yake ni nzuri, aende nyumbani."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Tukisema nzuri, mwakani itavunda tena, na yeye atakuwa hajui kwa nini tunamnunia. Mpeni maji."

Akanywa. Mwenyekiti hakumwambia anyamaze, hakumwambia jikaze uwe mwanaume. Alikaa tu, kimya hadi nikasikia migomba inakua. Kisha akasema, "Naona jambo hili limekuumiza. Tutapumzika kidogo. Hatujalifuta, tutalirudia. Twende nje, mimi na wewe." Mimi akaniita nishuhudie, ila kwa sharti nisifungue mdomo.

Tukasimama kwenye mabirika matupu. Upepo wa baridi ulikuwa unashuka kutoka msituni, na yeye anajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sikuulizi kuhusu msimu mzima," mwenyekiti akasema. "Niambie birika moja tu, lile la mwisho lililovunda. Siku ile ulifanya nini?"

Akaweka kiganja kwenye ukingo wa birika. "Ya asubuhi ilikuwa karibu kuiva. Jioni mtu akaleta nyingine. Nikaimenya, nikaimwaga juu yake. Nikaanza kungoja ya juu, ya chini ikaoza."

"Nani alileta jioni?"

Akaangalia mlango wa ofisi. Machozi yakarudi. "Amenipa mke, mwenyekiti. Nitamwambiaje arudi nayo?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Tulikuwa tumemweka mtu mbele ya mkwe wake tukamwambia ajitetee.

Mwenyekiti akavuta pumzi. "Tumekosea kukukalisha vile. Lakini kuvunda bado ni juu yako, kwa sababu kumwaga mpya juu ya iliyotangulia unajua ni kosa, na hukuja kuniambia. Sasa ungependa tukusaidie nini?"

"Birika dogo la kahawa ya jioni, peke yake. Na kamati ndiyo iseme saa ya kufunga kupokea kahawa. Isiwe mimi."

"Utapata. Mabirika unabaki nayo. Mavuno ya kwanza yakiingia, tutakaa tena, wawili tu."

Tukarudi ndani. Fundi akakaa, macho mekundu lakini shingo imenyooka. Mwenyekiti akawaambia wajumbe kwamba fundi anabaki, kosa limesemwa na amelikubali. Kisha akaongeza, "Kuanzia msimu ujao, kahawa itakayoletwa giza likiingia itakwenda birika lake, peke yake. Hatumtaji mtu."

Mzee wa koti zito akakohoa, akajinyoosha kitini.

"Lakini mimi," akasema, "huwa naleta kabla giza halijaingia kabisa."