Goti Lenye Kovu

Mume wangu alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu mwanangu Gracien akiwa bado ananyonya. Hakurudi, na ndugu zake hawakuuliza tunakula nini. Nilimlea mtoto kwa kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, katika soko la Kadutu, beseni kichwani, jua na mvua. Gracien alipopewa upadri ndipo ukoo mzima ulipokumbuka njia ya nyumba yangu.

Wa kwanza kufika alikuwa wifi yangu Marcelline, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye pia anaongoza akina mama wanaocheza wakati wa matoleo. Parokiani kwetu, padri mpya akisoma Misa yake ya kwanza, mama yake hutangulia na kikapu cha matoleo. Mbele ya altare anapiga goti moja, anainua kikapu juu ya kichwa na kutulia hivyo mpaka mwanawe aje kukipokea. Kisha anasimama bila kushika kitu. Kikapu hicho nilikingoja tangu Gracien alipoingia seminari.

Kwenye mazoezi Marcelline alisimama akitutazama, akipiga makofi na kusema gauche, droite, kushoto, kulia kwa Kifaransa, fanyeni kama mimi. Mguu wake ulikuwa upande huu, wangu upande ule. Shule sikusoma, na gauche yake ilikuwa imeshapita kabla sijajua ni wapi. Tulipofika kwenye goti alituambia tufunguke kama ua, tumtolee Bwana moyo. Moyo nilikuwa nao. Nilitaka kuambiwa mguu niuweke wapi.

Nilianguka ubavu na maharage ya kikapu cha mazoezi yakamwagika hadi kwenye viti. Niliporudia nikaanguka tena. Wenzangu walicheka, na mmoja akauliza kama nimezoea kucheza na samaki tu.

“Mama Gracien, siku ile ukae tu ku kiti,” Marcelline akasema. “Kikapu nitabeba miye, shangazi ya padri. Usitupatishe haya.”

Yule ambaye hakuwahi kumnunulia mtoto hata kalamu! Nilimwomba anijaribu mara moja tu, kwenye mazoezi ya mwisho. Alikubali kwa sauti ya mtu anayejua utashindwa.

Nikaenda kwa maman Micheline, jirani yangu. Zamani yeye ndiye aliyefundisha ngoma ya matoleo, kabla hajavunjika nyonga. Sasa anatembea na fimbo, goti hawezi kupiga. Alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, na kwa kuwa hakuweza kunionyesha, ilibidi aseme.

“Goti ya upande wa mukono unasongea bugali, weka chini.”

Niliweka. Akatikisa kichwa, akasema siyo hiyo, wachezaji wote wanaweka ya upande mwingine. Nikamwambia mimi bugali nasonga kwa kushoto. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaniangalia miguu.

“Basi tuache mukono. Goti yenye kovu ya jembe, ile iende chini.”

Hapo hapakuwa na kukosea. Akaendelea polepole. Vidole vya mguu wa nyuma nivikunje, viume ardhi, nisiulaze mguu. Mguu wa mbele unyayo wote chini, na goti lake likae juu ya kisigino, lisipite vidole. Nikayumba. Akaniuliza kama natembea juu ya kamba, maana nilikuwa nimeweka mguu wa mbele sawasawa na goti la nyuma, kwenye mstari mmoja. Akanihamishia ule wa mbele pembeni kwa fimbo yake, mpaka ngumi zangu mbili zikaenea katikati. Mwili ukatulia kama sufuria juu ya mafiga.

“Sasa kikapu. Viwiko karibu na masikio. Kikae juu ya utosi, si mbele ya uso, kitakuvuta. Tumbo usilisukume mbele. Ukiinuka, egemea kidogo mbele, sukuma na kisigino ya mbele, ile ya nyuma itakufuata.”

Niliinuka. Kisha nikakaa chini nikalia kwa hasira. Maneno hayo yote yangeweza kusemwa siku ya kwanza.

Kwenye mazoezi ya mwisho nilipiga goti na kutulia mpaka ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyecheka. Marcelline alinikabidhi kitenge cha anayetangulia na kikapu bila kuniangalia.

“Umejifunza mbiombio,” akasema.

“Sikujifunza mbiombio. Niliambiwa.”

Siku ya Misa Gracien aliteremka ngazi za altare akakipokea kikapu mikononi mwangu. Sikuyumba. Nilisukuma kisigino nikasimama.

Kwenye karamu Marcelline aliwaambia wageni kwamba mazoezi alinipa yeye, na kwamba nilikuwa mgumu kufundishika. Walimpigia makofi. Maman Micheline alikuwa amekaa mwisho wa meza, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nilichukua sahani yangu nikaenda kula naye.