Mkwe Aliyeniandikia Bila Kunijua

Laini ile niliisajili mwenyewe, kwa kidole changu na kitambulisho changu, na sitaibadilisha. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu hapa Tabora aliyeisikia habari hii alinishauri niitupe, na wote niliwajibu hivyo hivyo.

Mimi ni fundi cherehani. Ukoo wetu ulikuja na misafara ya zamani, ukafika hapa mjini, na nadhani ulichoka kutembea, maana tangu hapo hatujaenda popote. Mwaka juzi nilifungua kibanda changu mwenyewe, nikataka namba ya kazi, isiyochanganyika na ya nyumbani. Nilinunua laini kwa wakala wa pembeni ya soko. Ilikuwa kwenye pakiti yake, haijaguswa na mtu. Siku hiyo hiyo nikamwita mchoraji, akaiandika namba kwenye ubao juu ya mlango kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa kama vichwa vya watoto. Rangi haijakauka vizuri, simu ikalia mlio wa ujumbe.

“Mkwe, nimeona leo simu yako imeanza kupatikana. Ni mimi, mama wa huku Tura. Mkeo amejifungua salama, mtoto wa kiume. Tunakungoja.”

Nilicheka. Nikamwonyesha mke wangu, naye akacheka. Nikajibu kwa adabu kwamba amekosea namba. Nilidhani yameisha.

Kesho yake: “Mkwe, mimi sijakosea. Namba ni hii hii uliyompa binti yangu. Ilikuwa imezimwa muda mrefu, sasa imewaka. Mtoto anafanana na wewe.”

Hapo ndipo nilipofunga cherehani na kwenda kwa wakala kumuuliza kaniuzia nini. Kijana yule hakuona ajabu yoyote. Aliniambia laini ikikaa miezi mingi bila kutumika, kampuni huichukua namba na kuiuza upya. Mwenyewe wa zamani huenda hata hajui. Watu waliokuwa wakimjua ndio hawajui kabisa, wanaendelea kupiga. “Fundi, chukua namba nyingine, mambo yaishe,” akasema. Nikamwuliza kama atapanda yeye juu ya ngazi kufuta ubao wangu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na sauti tamu na majibu makavu. Taarifa za mwenye namba wa zamani hawezi kunipa, ni siri ya mteja. Hapo sikumlaumu, maana hata mimi nisingependa zangu zigawiwe. Lakini akaongeza kwamba kama ujumbe unanisumbua, naweza kumzuia anayeutuma, asinifikie tena.

“Nimzuie mama wa watu anayemtafutia mjukuu wake baba?” nilimwuliza.

“Ni uamuzi wako, mteja wetu.”

Basi uamuzi wangu ulikuwa huo: simzuii, na namba sibadilishi. Nikaamua kumpigia mama, tumalize kwa kuongea.

Simu iliita, ikapokelewa. Nikasema, “Haloo, shikamoo mama.” Ikakatika. Nikapiga tena. Nilipokohoa tu, ikakatika. Mara ya tatu haikupokelewa. Halafu ukaja ujumbe, na maneno yake yalikuwa ya mtu aliyeshtuka: “Mkwe, unafanya nini? Tangu lini mimi na wewe tukasemezana?”

Mke wangu, ambaye amekulia kijijini na si mjini kama mimi, alishika kichwa. Akanieleza nilichokuwa nimekisahau kwa sababu huku kwetu kimelegea. Kwa watu wengi wa vijijini mwanaume na mama mkwe wake hawaongei ana kwa ana, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapinda. Ni heshima. Yule mama alikuwa anaandika kwa sababu kuandika si kusema. Akisikia sauti ya mwanaume kwenye namba ile, kwake ni sauti ya mkwe, na lazima akate. Hata ningepiga mpaka simu ichemke, asingenisikiliza hata neno moja.

Nikamwandikia ujumbe mrefu. Kwamba mimi ni fundi wa Tabora, laini nimeinunua, mkwewe simjui. Jibu lilikuja asubuhi wakati nakata suruali ya mwalimu mmoja, nikaharibu kitambaa cha watu: “Mwanaume mzima unamkana mwanao kwa kusingizia laini. Matapeli wote wanasema hivyo hivyo. Sikutegemea.”

Niliona uchungu, nasema kweli. Kutukanwa si kitu, nimetukanwa na wateja wa Idd na Krismasi kwa zamu. Lakini nilitukanwa kwa kosa la mwanaume mwingine, na mama yule alikuwa na haki ya kila neno ila mimi tu ndiye sikustahili.

Mke wangu akasema, “Lete simu. Mimi ni mwanamke, atanisikiliza.” Tukaona tumepata akili. Akapiga. Kule upande wa pili kukawa kimya, mtu anasikiliza. Mke wangu akaanza, “Shikamoo mama, mimi ni mke wa mwenye simu hii...” Hakufika mbali. Simu ilikatwa, na ujumbe ukafuata kabla hajaniangalia usoni: “Kumbe ndiyo sababu. Mwambie huyo mwanamke wako asinipigie tena.”

Mke wangu alikaa kwenye benchi la wateja akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa ya kweli.

Ujumbe uliofuata ndio uliobadilisha kila kitu. Nauandika kama nilivyousoma. “Mkwe, nakuandikia kwa siri, hata binti yangu hajui; amekata tamaa, hataki tena kukupigia. Baba zake wadogo wanakuja kutoka Ziba Jumapili kulikalia kikao jambo hili. Wakikaa wakikukosa, ndoa imekwisha na mtoto ataitwa wa kwetu. Mimi sitakuwa na neno tena. Kama una moyo, njoo kabla yao.”

Sasa mtu aniambie ningefuta ujumbe kama huo. Rafiki zangu wa barazani waliniambia. Mmoja alisema si ndoa yangu. Mwingine alisema nikijiingiza nitapewa mtoto. Nilifikiria kwenda Tura mwenyewe, lakini nikishuka kituoni nimwulize nani? Niseme natafuta nyumba ya mama ambaye mkwewe hapatikani? Habari ingefika kwa wakubwa kabla yangu, na siri ya mama yule ningekuwa nimeitangaza kituo kizima. Nikakaa na simu. Niliichaji kama mgonjwa anayepewa dawa, nikaamua haitazimwa hata dakika moja, potelea mbali.

Alhamisi mchana ikaita namba ngeni.

“Wewe nani?” mwanaume akauliza.

“Wewe ndiye umepiga. Sema wewe nani.”

“Mimi ndiye mwenye namba hiyo! Nimekwenda kwa wakala kurudisha laini yangu, wananiambia ina mtu. Nani kakupa?”

Nikajua huenda ndiye mwenyewe. Lakini sikumrukia. Siku hizi kila mtu anaweza kuwa mwenye kila kitu kwenye simu. Nikamwuliza mkewe yuko wapi. Akajibu kwa sauti ndogo: yuko kwa mama yake Tura, alimwacha na mimba, uzazi wa kwanza ulikuwa ufanyikie kwa mama.

“Njoo kibandani kwangu,” nikasema, nikamtajia barabara. “Namba imeandikwa juu ya mlango, utaiona kutoka barabarani.”

Alikuja akinuka moshi na asali. Alikuwa kwenye kambi za warina asali, ndani kabisa ya pori ambako mtandao haufiki, akatoka kambi hii kwenda ile, simu ikamfia huko. Alituma salamu kwa mtu aliyekuwa anatoka, na mtu yule hakufikisha. Nikamwuliza kwa nini alipotoka porini hakupiga nyumbani Tura.

“Simu ya pale ni ya mkwe,” akasema. “Mke wangu ndiye alikuwa ananipigia. Mimi nikipiga akapokea mama, nitasema nini?”

Nilipandwa na hasira nikasimama, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. “Utasema uko hai!” nilimfokea. “Wewe huwezi kumpigia kwa heshima, yeye hawezi kukusikia kwa heshima, na katikati ya heshima yenu kuna mtoto hana baba!”

Nikampa simu, nikamfungulia ujumbe wa kwanza. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika pale pa mtoto kufanana naye alikaa chini, si kwenye benchi, sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Alisoma mpaka wa Jumapili, akarudia kuusoma. Akanakili namba ya mama kwenye simu yake mpya, akafuta uso kwa kiganja.

Mlangoni aligeuka akatazama juu kwenye ubao. “Na namba yangu je?”

“Ipi hiyo? Hii ni yangu,” nikamwambia. “Ya kwako kaitafute, na ukiipata uitumie, wasije wakaiuza tena. Sasa nenda Tura.”

Akaenda. Nilifuta ujumbe wote wa mama yule, maana mwenyewe alikuwa ameshausoma na mimi haukuwa wangu. Jumapili ilipita sikusikia kitu. Jumatatu nikawa mkali kwa wateja bila sababu. Jumanne simu ikaita, na jina nililokuwa nimelihifadhi likatokea: Mama wa Tura.

Nilipokea, nikanyamaza. Niliogopa kukohoa.

“Fundi,” ikasema sauti ya mwanamke mzima, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kuita kutoka shambani. “Ongea. Wewe si mkwe wangu, naruhusiwa.”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Alifika Jumamosi. Wakubwa walipokuja walimkuta ameketi uani, mtoto mapajani. Walikuwa na maneno mengi, wakayameza.” Akavuta pumzi. “Nilikuita tapeli.”

“Uliniita pia mwanaume wa wanawake wawili.”

“Yule aliyepiga ni nani?”

“Mke wangu, mama. Mmoja tu.”

“Mpe simu nimwombe radhi.”

Waliongea muda mrefu, wakahamia kwenye Kinyamwezi, mke wangu akicheka na kuitikia. Ubao juu ya mlango, kwa rangi ile ya bei rahisi, ulikuwa umeshaanza kupauka kwa jua, nikawaza nimwite mchoraji airudie rangi. Mke wangu akanirudishia simu akasema mama bado ananitaka.

“Fundi, ameniachia namba yake mpya,” akasema. “Lakini wanaume wa asali nawajua, atarudi porini. Wewe hiyo yako usiibadilishe. Siku akipotea tena, niwe na mahali pa kuandika.”

“Sibadilishi, mama,” nikamwambia.