Kiti cha Wifi

Karani wa masjala ya hospitali alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe kilikaa meza ya pili. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa afisa takwimu wa mradi wa wafadhili. Alipewa kompyuta mpya, fulana yenye nembo na kiti cha kuzunguka. Karani, mwajiriwa wa kudumu wa miaka kumi na minne, alikalia kiti cha mbao kilichokwisha kumchania sketi tatu.

Alijifariji kwa swali moja, ambalo kwalo alipima kila nafasi ya mradi: ruzuku ikiisha, kazi hii inakwenda wapi?

Siku moja akalitoa kwa sauti ya asali. "Wifi, mradi unafunga Desemba. Baada ya hapo?"

"Wameandika, wifi. Soma mwenyewe." Akamsogezea andiko la mradi, ukurasa wa uendelevu.

Karani akavaa miwani, akapekua kwa hamu ya mtu anayetafuta msiba wa jirani. Akaupata: nafasi ya afisa takwimu itafutwa. Roho yake ikasuuzika. Kisha akasoma sentensi iliyofuata: majukumu yake yote yatahamishiwa kwa karani wa masjala, ambaye tayari ni mwajiriwa wa hospitali.

"Nilidhani walikuambia," wifi alisema. "Mganga mkuu ameshatia sahihi."

Karani akavua miwani. "Na kiti?"

"Kiti ni mali ya mradi, wifi. Kitaondoka siku ileile nitakayoondoka mimi."