Saa Mpya Mstari wa Kwanza

Katibu muhtasi wa shule, maarufu kama Mama Taipu, aliisoma baruapepe ya mwalimu kijana kwa wazazi kabla ya kuituma, mwenyewe akiwa kando yake, akasonya.

"Mwanangu, 'kikao imesogezwa' ndiyo nini? Kimesogezwa! Na saa mpya umeifukia chini ya samahani zote hizi?"

Akazifuta, akaandika juu kabisa: "Kikao cha Ijumaa kitaanza saa kumi jioni, siyo saa nane mchana."

"Enzi za karatasi, barua zilifika nyumbani zimelowa jasho mifukoni mwa wanafunzi. Uliosomeka ni mstari wa kwanza tu."

Mwalimu, aliyesoma shule hiyohiyo, aliutazama mstari ule mpya. "Mama yangu alikuwa akisoma kwa kufuata kidole, mstari mmoja tu amechoka. Lakini hakukosa kikao hata kimoja."

"Najua," alisema Mama Taipu, akituma. "Mstari wa kwanza nilikuwa namwandikia yeye."