Usiku wa Jumamosi Ulikuwa Ijumaa

Mwaka 1984 Athmani, mpishi wa hoteli Mombasa, alipata kazi Ujerumani. Alimpigia simu mkewe Mwikali, aliyekuwa Malindi: “Ndege yangu ni usiku wa Jumamosi. Njoo tuagane uwanjani.”

Mwikali, mzaliwa wa Machakos, alifika Jumamosi jioni na mkate wa sinia.

“Mama, ndege iliondoka jana usiku,” karani alisema. “Ni ya saa sita na dakika kumi usiku. Saa sita ikipita, tarehe imegeuka. Tiketi ikisema Jumamosi, abiria huja Ijumaa jioni.”

Ndipo alipokumbuka, kwa uchungu: kwa kina Athmani, watu wa pwani, usiku hutangulia mchana wake; usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi.

Tangu hapo, jua la Ijumaa likizama, Mwikali huanza Jumamosi. Mume akirudi, hatamkosa tena.